Maji walichemsha, choo walikuwa nacho: uchambuzi wa kisa cha kipindupindu mwambao wa Kigoma

Kaya inayoelezwa hapa ni ya mfano. Imeundwa kwa makosa ambayo wahudumu wa afya huyakuta kwenye vijiji vya pembezoni mwa Ziwa Tanganyika, yakawekwa katika nyumba moja ili mtu aweze kuyafuatilia moja baada ya jingine.

Ni nyumba ya watu saba: baba mvuvi wa dagaa, mama anayeanika na kuuza, bibi, na watoto wanne. Iko kwenye mteremko mdogo, mahali mchanga wa ufukweni unapoishia na udongo mwekundu kuanza. Choo cha shimo kiko nyuma ya nyumba, upande wa juu. Chini yake, kuelekea ziwani, kuna kisima kifupi kilichochimbwa kwa mkono, ambacho kaya kadhaa hukitumia ziwa linapochafuka. Mvua kubwa ilinyesha Jumatatu hadi Jumatano. Ijumaa usiku mtoto wa miaka sita alianza kuharisha maji meupe yanayofanana na maji ya kuoshea mchele, akatapika, na kabla ya alfajiri macho yalikuwa yameingia ndani. Jumapili mama naye akaanza.

Kwa fomu ya ukaguzi, nyumba hii haikuwa na kasoro. Swali la kwanza, je, mnachemsha maji ya kunywa? Ndiyo. La pili, je, mna choo? Ndiyo. Majibu yote mawili ni ya kweli, na ndiyo sababu kisa hiki kinafaa kuchambuliwa. Kigoma watu wengi wanajua kipindupindu ni nini. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika Kagunga, ugonjwa ulilipuka pale kijijini, na watu wakahamishwa kwa meli, MV Liemba ikiwemo, hadi Kigoma mjini. Tangu hapo ujumbe wa "chemsha maji, tumia choo" umerudiwa mpaka hata mtoto anaweza kuukariri. Tatizo la nyumba hii lilikuwa kwenye hatua ambazo ujumbe huo hauzitaji.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alipofika Jumamosi asubuhi hakuanza na fomu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Poleni na mgonjwa. Bibi, naomba maji ya kunywa."

Bibi akamwita mjukuu wa miaka tisa. Mtoto alitoka uani, akachukua kikombe juu ya meza, akafunua ndoo na kukizamisha ndani. Vidole vyake viliingia majini mpaka kwenye pingili ya pili. Alichokuwa akifanya uani kabla ya kuitwa ni kumsaidia mama kusuuza nguo za mgonjwa. Ombi hilo moja la maji lilionyesha mengi kuliko fomu nzima, na kwa ukaguzi wowote wa nyumba wiki za mvua tunapendekeza lije kwanza, kabla ya swali lolote.

Sasa tuyafuate maji tangu yanapochotwa. Asubuhi mama huchota ziwani kwa dumu la lita 20, karibu na mahali mitumbwi inapoegeshwa. Maji ya Tanganyika ni maangavu, na uangavu huo unadanganya: vimelea vya kipindupindu havionekani kwa macho, na wavuvi waliokesha majini hujisaidia humohumo. Mvua ikishanyesha, vijito huleta tope na kila kilichokuwa kimelala juu ya ardhi, na hapo ndipo familia nyingi huhamia kwenye visima vifupi kwa kuwa maji yake yanaonekana safi zaidi. Kwa nyumba hii, kuhama huko kulikuwa hatari kuliko kubaki ziwani. Sababu iko kwenye choo, tutaifikia.

Jioni, ugali ukishaiva, sufuria ya maji huwekwa kwenye moto uliobaki. Siku za jua moto huo hutosha. Wiki ya mvua kuni ni mbichi, moto unatoa moshi, na maji yakianza kufuka mvuke na kuonyesha vipovu vidogo chini ya sufuria, mama huyaepua akijua yamechemka. Hayajachemka. Vipovu vile vya kwanza ni hewa iliyokuwa ndani ya maji, inatoka joto likiwa bado chini. Maji yaliyochemka yana mapovu makubwa yanayopanda toka chini na kupasukia juu kwenye sufuria nzima, na hayatulii hata ukikoroga kwa mwiko. Yakifika hapo yaache dakika moja kamili, kisha epua. Muda wa zaidi ya hapo ni kuni tu unazochoma. Ushauri wa dakika tatu ni wa sehemu zenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, na uso wa Ziwa Tanganyika uko chini ya mita 800.

Kosa la pili lilifuata palepale. Maji ya moto hayanyweki, na watoto walikuwa na kiu, kwa hiyo mama alipooza kwa kuongeza kata mbili za maji mabichi. Kata mbili kwenye sufuria ya lita kumi ni kiasi kidogo machoni, lakini zinaingiza vimelea hai kwenye maji yasiyo na chochote cha kuvizuia. Huu ndio udhaifu wa kuchemsha: unaua vilivyomo wakati ule, na haulindi dhidi ya kitakachoingia baadaye. Maji yakishapoa, kikombe kimoja kichafu kinayarudisha yalikotoka.

Kosa la tatu ni chombo. Maji yalimiminwa kwenye dumu lilelile lililotoka ziwani, baada ya kusuuzwa kwa maji ya ziwani. Ndani ya dumu la zamani kuna utando unaoteleza, unausikia ukipitisha kidole shingoni mwake. Kulisugua kwa mchanga na majani, kama wengi wanavyofanya, hung'arisha nje na kuacha mikwaruzo ndani ambamo utando huo hujishika vizuri zaidi. Kutoka kwenye dumu yakaingia kwenye ndoo ya mdomo mpana, na kutoka kwenye ndoo yakachotwa kwa kikombe na vidole. Ukihesabu, maji yaliyochemshwa mara moja yaliguswa na vitu vichafu mara nne kabla ya kufika mdomoni.

Marekebisho yaliyofanyika Jumamosi ileile yalikuwa madogo kuliko mama alivyotegemea. Maji yachemshwe jioni na yaachwe kwenye sufuria ileile, yamefunikwa, yalale yapoe. Asubuhi yamiminwe, yasichotwe, kwenye chombo ambacho kazi yake ni hiyo tu. Ndoo yenye bomba chini ndiyo bora. Asiyekuwa nayo atumie dumu la mdomo mwembamba lililooshwa kwa sabuni na maji ya moto, lenye kifuniko chake, na watu wamimine kutoka humo. Dumu la kuchotea ziwani lifungwe kamba ya rangi shingoni ili hata mtoto asilichanganye na la kunywa. Moshi ukiharibu ladha, dumu la kunywa lijazwe nusu, lifungwe, litikiswe kwa nguvu na kuachwa litulie, ladha hupungua. Hili si la kupuuza, maana watoto wakiyakataa maji yenye harufu ya moshi hurudi kunywa ya kisimani.

Kisha linakuja suala la kuni, na hapa lazima tuseme wazi kwamba ushauri wa kuchemsha maji yote ya nyumbani hautekelezeki. Kadirio linalotumika sana ni kilo moja ya kuni kwa lita moja ya maji. Watu saba wakinywa lita mbili kila mmoja ni lita 14 kwa siku, yaani takribani kilo 14 za kuni zaidi ya zile za kupikia, tena katika wiki ambazo kuni zimelowa. Kwa hiyo gawanya. Maji ya ugali na ya kuchemshia maharage yatachemka yenyewe jikoni, hayana haja ya kuchemshwa kabla. Yanayohitaji kutibiwa ni ya kunywa, ya kusukutulia, ya kuoshea matunda na kachumbari, ya kuchanganyia dawa ya mtoto na ya kuoshea vyombo kwa mara ya mwisho.

Kuni zikikosekana, tumia vidonge vya klorini badala ya kuchemsha nusunusu. Kidonge cha miligramu 67 hutibu lita 20 za maji maangavu. Soma karatasi yake kwanza, kwa sababu vipo vya ukubwa mwingine vya ujazo tofauti. Yakiwa na tope, yaache yatuame, yamimine taratibu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha weka vidonge viwili. Tope hula klorini kabla haijafika kwenye vimelea, ndiyo maana kidonge kimoja kwenye maji ya kahawia ni fedha iliyotupwa. Funika, subiri dakika 30, kisha nusa: panapaswa kuwa na harufu hafifu ya dawa. Isiposikika kabisa, dozi haikutosha. Faida yake juu ya kuchemsha ni kwamba kiasi kidogo cha dawa hubaki majini na kuendelea kulinda chombo. Klorini iwekwe kwenye maji yaliyopoa tu.

Maji ya mvua kutoka kwenye bati ni chanzo kizuri kuliko ziwa na kisima katika wiki hizi, mradi mvua ya kwanza iachwe imwagike ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Nayo yatibiwe kabla ya kunywewa.

Turudi kwenye choo, ambacho ndicho kilichoanzisha yote. Kilikuwa shimo la mviringo lenye sakafu ya miti na udongo, bila kuta za ndani, umbali wa hatua kama ishirini kutoka kisimani. Kipimo cha kawaida ni mita 30 au zaidi, na choo kiwe upande wa chini wa kisima. Hapa vyote viwili vilikosekana, na udongo wenyewe ni wa kichanga unaopitisha maji haraka. Jumanne, maji ya mvua yaliyoteremka mlimani yaliingia shimoni kwa sababu hapakuwa na mtaro wa kuyakinga. Wakati huohuo maji ya ardhini yalikuwa yamepanda. Shimo likajaa hadi karibu na sakafu. Kile ambacho maji ya juu hayakukimwaga, maji ya chini yalikipeleka kisimani.

Jumatano jirani wa juu akafanya jambo ambalo kila mji wenye vyoo vya shimo unalijua: alitapisha choo. Alitoboa upande wa shimo mvua ikinyesha, kinyesi kikaenda na maji. Wanaotapisha huamini mvua itakifikisha ziwani na kukimaliza. Kwa kweli kilipita uani kwa watu, pale watoto wanapocheza na mama anapoanika dagaa chini, kikaishia mahali dumu linapochotwa kesho yake. Lazima tutaje ugumu wake pia: aliyejaza choo katikati ya masika hana pa kwenda, na faini peke yake haimpi choo kingine. Mwenyekiti wa kitongoji aliyeliona hilo alipanga kaya mbili zishiriki choo cha kaya ya tatu kwa wiki zile, zikigawana zamu za usafi. Lilizua manung'uniko, lakini lilifanya kazi.

Kwa choo kilichojaa maji wakati mvua bado zinanyesha, cha kufanya ni hiki. Chimba mtaro upande wa juu, upana na kina cha sentimita 30 hivi, uuzungushe nusu duara ili maji yapite pembeni. Udongo uliotoka upandishwe kuzunguka msingi wa choo na ushindiliwe. Tundu lipate mfuniko wenye mkono mrefu. Kinyesi kikibaki sentimita 50 chini ya sakafu, acha kukitumia. Sakafu ya udongo iliyolowa haioshiki, na mtu anayekanyaga peku huondoka nayo mguuni. Hata kipande cha saruji chembamba kilichowekwa juu yake kinabadilisha hali hiyo. Sakafu inayooshika isafishwe kila siku kwa sabuni, na nyumba yenye mgonjwa itumie dawa ya klorini ya asilimia 0.5: kikombe kimoja cha Jik ya asilimia 3.5 kwa vikombe sita vya maji. Itengenezwe upya kila siku, kwani nguvu yake hupotea, na jua huiharakisha.

Dawa hiyo ni ya sakafu, mfuniko na kitasa. Baba wa nyumba hii alikuwa amemimina chupa nzima shimoni. Kinyesi kingi huimaliza klorini mara moja bila faida, na wadudu wanaosaidia kuozesha shimo hufa. Shimoni tupa majivu, yatapunguza inzi na harufu.

Kinyesi cha watoto wadogo kilikuwa kikitupwa ziwani au nyuma ya mgomba, kwa dhana kwamba cha mtoto hakina madhara. Katika mlipuko, dhana hii ni hatari hasa kwa sababu wengi wanaobeba vimelea hawaugui kabisa au huharisha kidogo tu, na huendelea kuvitoa kwa siku 1 hadi 10. Mtoto anayecheza vizuri anaweza kuwa mmoja wao. Kopo lenye mfuniko usiku, na asubuhi kumwaga chooni, ndiyo njia rahisi. Mlangoni mwa choo pakatundikwa kibuyu chirizi: dumu la lita tano, tundu moja lililotobolewa kwa msumari wa moto, kamba hadi kwenye kijiti cha kukanyaga, na kipande cha sabuni kwenye kamba yake. Hakipo cha bei nafuu kuliko hicho. Hushindwa kwa sababu moja tu, kuachwa kikiwa kitupu, kwa hiyo kijazwe na mtu anayetajwa, si "yeyote atakayekiona."

Mama aliuguaje Jumapili, maji yakiwa yamesharekebishwa Jumamosi? Muda wa vimelea mwilini ni kuanzia saa chache hadi siku tano, kwa hiyo huenda alishaambukizwa kabla. Lakini pia alifua nguo za mtoto kwa mikono ziwani. Nguo zilizochafuka zichemshwe dakika tano, au zilowekwe kwenye klorini nyumbani, maji yake yamwagwe chooni, kisha zianikwe juani. Ndoo ya matapishi na kinyesi iwekewe nusu kikombe cha Jik isiyozimuliwa, ikae dakika kumi, ndipo imwagwe chooni.

Mtoto alipona kwa sababu bibi alianza kumnywesha usiku uleule. Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji yaliyotibiwa na kupoa. Pakiti ndogo zina ujazo wake, usome. Mtoto chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, wa miaka 2 hadi 10 mililita 100 hadi 200, mkubwa zaidi kadiri anavyoweza. Akitapika, subirini dakika kumi kisha endeleeni kwa kijiko, taratibu. Anayenyonya aendelee kunyonya. Pakiti zikikosekana: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, ndiyo maana kukadiria kwa kiganja hatukubaliani nako. Haya yote ni ya njiani, mkielekea kituoni. Macho yaliyozama, ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ukiifinya, mkojo kukatika au mtu kulegea hataki kunywa ni dalili za kuhitaji dripu, na kwa kipindupindu kikali zinaweza kufika ndani ya saa chache. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Limebaki choo chenyewe, ambalo ni suala la kiangazi. Sehemu kama hii chini ya shimo haiwezi kukaa mita 1.5 juu ya maji ya ardhini kama inavyopendekezwa, kwa hiyo shimo linyanyuliwe. Chimba mita 1.5, jenga kwa matofali ya kuchoma, mistari ya chini ikiachwa na nafasi bila udongo wa kujengea, nusu mita ya juu ikizibwa kwa saruji. Endelea kupandisha ukuta sentimita 60 juu ya ardhi, zungushia kifusi kilichoshindiliwa, weka ngazi na slabu ya zege. Kwa kipenyo cha mita 1.2, ukiacha ile nusu mita ya juu, unapata karibu mita 1.8 za ujazo. Watu saba hujaza kati ya mita 0.28 na 0.42 za ujazo kwa mwaka, kutegemea wanatawaza kwa maji au kwa karatasi. Ni miaka minne hadi sita. Kisima kilichopo hakitakuwa salama hata baada ya hapo, maana umbali haujabadilika. Kibaki cha kufulia na kumwagilia.

Wachimbaji wengi huanza Agosti, wakikuta ardhi kavu hata mita tatu chini, wakachimba hadi huko wakidhani wamepata shimo la miaka mingi. Masika ikifika, nusu ya shimo iko majini. Kwa hiyo Aprili, mvua zikiwa bado zipo, pima kwa kamba yenye jiwe kutoka ukingo wa kisima hadi usoni mwa maji, piga fundo, na uiweke kamba hiyo darini. Shimo litakalochimbwa Agosti lisipite urefu wa kamba, hata kama ni mfupi kuliko ile mita 1.5, na kinachokosekana chini kiongezwe juu kwa matofali.